Ishirini Nukta Moja Tano

Fundi wa maabara ya kemia alikuwa mama wa makamo mwenye mdomo mkali. Miaka kumi na moja iliyopita, alipochoka na ripoti zisizo na kichwa wala miguu, aliwaandikia wanafunzi wa mwaka wa kwanza mwongozo. Kila sehemu, kuanzia lengo hadi hitimisho, aliipa sampuli dhaifu na sampuli bora. Kwenye njia, dhaifu ilisema, "Tulichanganya asidi na alkali mpaka rangi ikabadilika." Bora ilitaja pipeti, ujazo na matone mawili ya kiashiria. Kwenye matokeo, dhaifu: "Tulipata jibu zuri." Bora: "Wastani wa asidi iliyotumika ni sentimita za ujazo 24.60."

Mchana huo binti mmoja aliingia na ripoti mpya, akaomba asainiwe karatasi ya vipimo. Iliandikwa 24.60.

"Wiki iliyopita nilikusainia 20.15," fundi alisema.

Binti akainama, akaeleza. Mhadhiri alikuwa amempa sifuri kwa uzembe wa kupima, maana wenzake thelathini na tisa wote walipata 24.60. Asiporekebisha leo, atarudia somo zima.

Fundi alihisi damu ikimpanda kichwani. Alkali ya muhula huu aliitengeneza yeye mwenyewe, nyepesi makusudi kuliko ya mwongozo, ili watu wapime. Haikuwezekana itumie asidi zaidi ya sentimita za ujazo ishirini na kidogo. Thelathini na tisa walikuwa wamenakili mwongozo wake, na aliyepima kweli ndiye aliyeadhibiwa. Aliichana ripoti mpya, akabeba chupa za asidi na alkali pamoja na bureti ya kupimia hadi ofisini kwa mhadhiri bila kubisha hodi.

Mhadhiri alimsikiliza, kisha akamwambia kwa upole kwamba mwongozo walionakili aliuandika fundi mwenyewe.

Maneno yalimchoma kwa sababu yalikuwa kweli. Hasira yote aliyokuja nayo ikageuka, nusu ikamrudia mwenyewe.

"Ni wangu, na nimekosea," alisema. "Sasa wewe pima, daktari. Hapa hapa."

Mhadhiri alipima, polepole, kwa kuwa miaka mingi alikuwa amesahihisha tu. Rangi ya waridi ya kiashiria ilitoweka kwenye 20.10. Alirudia, akapata 20.15. Alichukua kalamu nyekundu, akafuta sifuri ya binti, kisha akaufungua mwongozo, akakata 24.60 na kuanza kuandika 20.15 juu yake.

Fundi alimshika mkono.

"Ukiandika hiyo, mwakani utasahihisha ripoti arobaini zenye hiyo hiyo," alisema. "Acha wazi. Kisha uwaite wale thelathini na tisa wapime upya. Kila mmoja aje na kalamu yake, na mwongozo nitabaki nao mimi."

Mhadhiri aliacha wazi.