Sababu Aliyoitaka Profesa Lüdecke

Kwanza lieleweke jambo moja. Valentin Haberstroh hakufukuzwa chuo. Hakulewa wiki nzima ya kanivali hadi akasahau kwamba ana tasnifu ya kuandika, na bibi yake hakumpelekea profesa yeyote chupa ya pombe ya cheri ili amfumbie macho. Maneno hayo yalizaliwa katika duka la mikate, pale ambapo Bi Rombach, anayekaa ghorofa ya chini ya bibi huyo, huingia kununua mkate mmoja na kutoka na habari za mtaa mzima.

Kilichotokea ni kwamba kijana aliomba aongezewe muda. Aliomba kwa barua pepe, kwa Kijerumani safi, kabla ya siku ya mwisho, na akatoa sababu za kweli. Hizo sababu za kweli ndizo zilizomkosesha raha bibi yake.

Bibi mwenyewe, Irmtraud Haberstroh, alifundisha Kijerumani na Kilatini katika shule ya sekondari ya mji huo hadi alipostaafu, na mpaka leo watu wa bonde zima humwita Mwalimu. Nusu ya halmashauri ya mji imewahi kuandika insha upya kwa amri yake. Mumewe Ottmar alikuwa mthibitishaji wa mikataba, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa, ambaye kila Februari alitoweka siku kadhaa na kurudi na sauti iliyokauka. Mkewe alijua aliko. Ottmar alikuwa mmoja wa wachawi wa kuigiza wa kanivali, sherehe ya mitaani ya kila Februari: sketi yenye viraka, ufagio, kinyago cha mbao chenye pua ndefu. Mwalimu alilichukia jambo hilo. Aliwahi kuandika gazetini kwamba kelele za wachawi ni aibu kwa mji uliostaarabika, na barua ile ilikatwa na kubandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa chama chao, ambako ipo hadi leo.

Ottmar alipofariki, chama kilituma watu wachukue kinyago. Mjane akawaambia wasubiri kidogo. Alitaka kujua tu mumewe alikuwa akifuata nini huko. Kanivali ilipofika akakivaa, akatoka kwa mlango wa nyuma, na tangu hapo hakukirudisha. Wachawi walijua ni nani, lakini mwiko wa kwanza wa kinyago ni kwamba aliye ndani hatajwi, kwa hiyo wakanyamaza.

Mwaka huu walijenga mnara wa watu uwanjani, wachawi juu ya wachawi. Kwa kuwa Mwalimu ndiye mwepesi kuliko wote, walimpandisha kileleni. Alikuwa huko juu, akipunga ufagio mbele ya mji mzima, pale muuza nyama aliyekuwa chini kabisa alipopiga chafya.

Kifundo cha mguu kilivunjika mahali pawili. Hospitali ilitaka kumpa muuguzi wa kumtembelea nyumbani. Mwalimu akakataa katakata, kwani muuguzi ni binamu yake Bi Rombach. Mtaani ikatangazwa kwamba Mwalimu amekwenda kuoga kwenye chemchemi za maji moto. Mapazia yakafungwa. Na Valentin, mjukuu wake wa pekee aliye karibu, akaacha chumba chake cha chuoni akaja kupika, kufua na kumshika mkono bibi yake kila alipotaka kwenda msalani.

Tabu ni kwamba tasnifu ya Valentin inahusu mende wa msituni, aina ya mbawakawa wanaotoboa magome ya misonobari, na mende wenyewe walikuwa kwenye vichupa katika maabara ya chuo, ng'ambo ya milima. Huwezi kuhesabu mende kwa simu. Mwezi Machi ulipofika katikati, siku ya kuwasilisha ikawa inamkodolea macho.

"Bibi," alisema asubuhi moja huku akikoroga dengu, "leo namwandikia profesa. Naomba wiki nne."

"Niletee nione kwanza."

"Ni barua pepe, Bibi, si insha ya darasa la nane."

"Jina lililo chini ni Haberstroh. Niletee."

Akachapa, akaleta. Mwalimu alikuwa na mguu wenye hogo la plasta juu ya kigoda na kalamu nyekundu mkononi. Mwanzo ulimpendeza: kichwa cha barua kilisema ombi ni la nini, Mheshimiwa Profesa alitajwa kwa cheo na kwa jina la ukoo, namba ya usajili ilikuwepo. Kisha akafika mahali palipoandikwa kwamba bibi yangu amevunjika mguu nami ndimi ninayemtunza. Kalamu ikashuka.

"Hii hapana."

"Ndiyo yenyewe, lakini!"

"Andika hivi: kutokana na hali ya kifamilia isiyozuilika."

"Hali gani? Watafikiri tumefilisika."

"Wafikiri. Mtu mwenye adabu haulizi zaidi."

Valentin akaandika hivyo, akatuma. Profesa Annegret Lüdecke, mzaliwa wa Bremen, kule kaskazini ambako maneno hutolewa kama dawa, kwa kijiko, alijibu siku iliyofuata.

"Bwana Haberstroh, barua yako imeandikwa vizuri sana na haisemi kitu. Si mimi ninayeongeza muda. Ni kamati ya mitihani, mimi hutoa maoni tu. Watataka kujua nini kilitokea, lini, na kwa nini usingeweza kuliepuka. Utaeleza pia kazi imefika wapi, na utaambatisha uthibitisho. Ombi liwafikie kabla ya siku ya mwisho. Ikipita bila tasnifu, umeanguka. Salamu njema, Lüdecke."

Mwalimu aliisoma mara mbili. Sentensi ya kwanza ilimchoma, kwa sababu ndiyo aliyokuwa akiwaandikia wanafunzi wake pembeni mwa insha, maisha yake yote.

"Haya basi," akasema. "Mwambie niliteleza kwenye barafu mlangoni."

"Wiki hiyo hakukuwa na barafu. Na zamu ya kumwaga changarawe mlangoni ili watu wasiteleze ilikuwa ya Bi Rombach. Unataka bima imfuate yeye?"

Mwalimu alionekana kulifikiria hilo kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyofaa.

"Bibi!"

"Nimesema nini? Sijasema kitu. Sawa, usitaje nilivyoanguka. Sema nimevunjika, unanitunza, basi."

"Atauliza kwa nini asije muuguzi. Mimi ningekuwa yeye ningeuliza. Hospitali ilikupa muuguzi, wewe ukamkataa. Hiyo ndiyo sababu yenyewe, Bibi. Si mguu. Mguu ungetunzwa na mtu yeyote."

"Kwa hiyo unataka kumwambia profesa kwamba bibi yako ni kichaa."

"Nataka kumwambia ukweli, au nisitume kabisa. Kumdanganya siwezi. Yule mama alikaa nami siku nzima msituni kwenye mvua akinionyesha mende dume na jike. Nikianguka, nimeanguka."

"Na watu watasema Haberstroh ameanguka chuo!"

"Si wanasema tayari? Juzi muuza mikate kaniuliza kama kichwa kimeacha kuuma."

Hilo Mwalimu hakuwa amelisikia. Dengu zikaanza kuungua, wala hakuna aliyezijali. Ndani ya nyumba ile yalikuwepo majina mawili ya kulindwa, lake na la kijana, na siku zote alikuwa ameyachukulia kuwa jina moja. Sasa aliona kwamba alikuwa akilikinga lake kwa kusimama nyuma ya la mjukuu wake.

"Andika," akasema hatimaye. "Andika utakavyo. Lakini usipike tena dengu, nimechoka."

Barua ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza. Ilisema kwamba bibi alivunjika kifundo cha mguu Alhamisi ya kanivali, kwamba anaishi peke yake, na kwamba alikataa muuguzi kwa sababu hakutaka mtu wa mji ajue alivyoumia. Ilisema sura tatu zimekamilika, sura ya matokeo inangoja mende wahesabiwe, na kwamba wiki ijayo hogo litatolewa na mwandishi ataweza kurudi maabara. Halafu palikuwa na sentensi iliyomfanya Mwalimu aruke kitini, mguu na yote: "Sina budi kuongeza kwamba wiki moja niliipoteza mwenyewe mwezi Januari, kwa kuahirisha tu."

"Hiyo nani kakuuliza?"

"Hakuna."

"Basi ifute! Mtu haendi sokoni na ubovu wa embe lake mkononi!"

"Ni kweli, Bibi."

"Nimelea mtakatifu," akasema Mwalimu kwa uchungu, na hakuigusa.

Kulikuwa bado na uthibitisho. Karatasi ya hospitali ilisema mguu umevunjika, haikusema kwa nini muuguzi alikataliwa, wala hakuna daktari ambaye angeandika jambo hilo. Mwalimu akaomba karatasi nzuri, ile yenye jina la Ottmar juu. Akaandika kwa mkono wake: kwamba yeye, mwalimu mstaafu, mwenye akili timamu, aliumia akiwa amevaa kinyago, juu ya mnara wa wachawi, kwamba kwa hadhi yake mjini hakuweza kuruhusu jambo hilo lijulikane, kwamba mjukuu wake alimsihi zaidi ya mara moja akubali muuguzi, naye akamkatalia, na kwamba kosa la kuchelewa, isipokuwa ile wiki ya Januari ambayo yeye hakuhusika nayo, ni lake. Akatia sahihi. Valentin akaipiga picha, akaambatisha, akatuma kabla bibi hajabadili mawazo.

Jibu lilikuja jioni ile ile.

"Bwana Haberstroh, kwetu Bremen hatuna wachawi wa namna hii, lakini hakuna mtu anayeweza kubuni sababu kama hiyo. Naunga mkono wiki tatu. Ile ya nne ni ya Januari, nayo ni yako. Peleka ombi rasmi kwa kamati kesho, pamoja na maoni yangu. Mwambie bibi yako maelezo yake hayana neno la ziada. Lüdecke."

Mwalimu aliomba asomewe sentensi ya mwisho tena, kisha akadai hakusikia vizuri, asomewe mara ya tatu.

Kamati ilikubali wiki tatu. Valentin alirudi kwa mende wake, akawahesabu, akawasilisha siku moja kabla, na alama aliyopata ni nzuri. Anayetaka kuijua amuulize mwenyewe.

Maneno ya duka la mikate, hata hivyo, hayakukoma. Kwa hiyo Jumamosi moja Mwalimu akavaa koti lake la kijivu, akashika magongo, akashuka ngazi pole pole, akaingia dukani kwa mlango wa mbele. Foleni nzima ikageuka.

"Mwalimu!" alisema Bi Rombach. "Mbona magongo? Na chemchemi je?"

"Sikwenda chemchemi, Bi Rombach. Nilidanganya. Nilikuwa juu ya kichwa chako muda wote, nimevunjika mguu, na Valentin alikuwa akinitunza. Ndiyo maana akaomba muda zaidi chuoni, na akapewa kihalali. Hakulewa. Hakufukuzwa. Atakayesema vinginevyo tena, aje anitazame usoni aseme."

Muuza nyama, aliyekuwa mwisho wa foleni, alianza kuzisoma bei za keki kwa umakini mkubwa.

"Maskini wee!" Bi Rombach alisogea, macho yanang'aa. "Sasa uliumiaje, Mwalimu wangu?"

"Mkate mmoja wa shayiri," Mwalimu alimwambia muuzaji.

"Si unaniambia tu mimi? Jirani yako?"

Mwalimu akaupokea mkate, akautia kwapani, akayapanga magongo yake.

"Hilo, Bi Rombach, silisemi. Si leo, si kesho. Naomba unipishe."