Karatasi ya Shemeji, Fundi wa Bomba

Shemeji yangu alikuwa fundi hodari wa bomba, lakini ukimpa kalamu alikuwa balaa. Leo neno hilo nalisema kwa upendo. Wakati ule, miaka ya sitini, nililisema nikiwa nimeuma meno. Alikuwa mume wa dada yangu mkubwa, na mimi nilikuwa mpiga taipu katika duka la vifaa vya ujenzi pale Homa Bay, duka la mzee mmoja Mwislamu aliyekuja huku kutoka pwani kabla mimi sijazaliwa. Basi kwa kuwa taipureta ilikuwa mbele yangu, kila karatasi ya shemeji ilinifikia.

Alikuwa ameacha kazi ya kuajiriwa ili ajitegemee. Mwajiri wake alimcheka, akamwambia utarudi kabla ya mvua. Na kweli, dalili zilikuwa mbaya. Mteja wa kwanza, kule Rodi Kopany, aligombana naye mpaka kwa chifu kwa sababu ya mtaro: shemeji alidhani mwenye nyumba ndiye atakayeuchimba, mwenye nyumba alidhani ni fundi, na karatasi haikusema lolote. Mteja wa pili alikaa na karatasi miezi saba, kisha akaja akitaka bei ileile, wakati meli ilikuwa imeshaleta mabomba ya bei nyingine kutoka Kisumu. Kazi zote mbili zilimponyoka. Dada yangu aliniambia wazi kwamba ya tatu nayo ikiharibika, shemeji atarudi kwa yule bwana kuomba kazi akiwa ameshika kofia mkononi.

Ya tatu ilikuwa Migori. Mwalimu mstaafu na mkewe, Waadventista, walikuwa wamejenga nyumba ya mabati yenye vyumba vinne. Tangi la maji ya mvua lilikuwa tayari limesimama juu ya jukwaa la mawe. Walitaka maji yaingie jikoni na bafuni, basi. Shemeji alikwenda, akapima, akarudi, akaniwekea mezani karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Nakumbuka ilivyokuwa:

"Bomba za futi ishirini, nne. Sinki moja. Bomba za futi ishirini, mbili. Katani na rangi ya kuzibia. Koki tatu. Viwiko na tii. Kazi yote na kila kitu." Chini yake kulikuwa na bei moja tu, nene, iliyopigiwa mistari miwili.

Yawa! Nilitaka kulia. "Shemeji," nikamwambia, "kazi yote ni kazi gani? Na kila kitu ni kitu gani?"

"Wanajua. Niliwaonyesha kwa kidole."

"Kidole chako kitabaki Migori? Na mbona sinki iko katikati ya mabomba?"

Akaniangalia kana kwamba nimeuliza kwa nini jua hutoka mashariki. "Ndivyo ninavyopanga mzigo juu ya basi, yuora, shemeji yangu. Bomba ndefu chini, sinki juu yake, halafu bomba zile za—"

"Shemeji! Mwenye nyumba hapandi juu ya basi!"

Wateja dukani waligeuka. Mwenye duka alikohoa nyuma ya kaunta. Shemeji akavua kofia, akaivaa tena. Mimi nikavuta karatasi safi na kuanza kumfundisha, kwa sauti ambayo nikiikumbuka sasa naona haya.

Nilimwambia mwenye nyumba ana maswali machache tu. Utanifanyia nini, na nini hutafanya? Utatumia vifaa gani, na ni vya wapi ndani ya nyumba yangu? Mikono yako ni bei gani, mbali na vifaa? Na maneno haya yatasimama mpaka lini? Nikaipanga karatasi vivyo hivyo, kila swali na sehemu yake.

Alinibishia kila hatua. Nilipotaipu "Kazi isiyo yangu: kuchimba mtaro, kutengeneza ukuta utakaotobolewa," alikaribia kuninyang'anya karatasi. Eti mtu haanzi kwa kutangaza uvivu wake. Nikamuuliza kama kwa chifu alipapenda. Nilipotenga ufundi na vifaa, alilalamika kwamba sasa mteja atajua mikono yake ni ya bei gani na atataka kuipunguza. "Apunguze akiijua," nikasema, "kuliko akushuku kwa yote." Na nilipoandika kwamba bei zitasimama siku thelathini tangu tarehe ya karatasi, alisema hiyo ni kama kumwambia mgeni anywe chai haraka aondoke. Hapo mwenye duka akaingilia, akamwambia yeye mwenyewe haahidi bei ya bomba zaidi ya mwezi mmoja, kwa hiyo aache ubishi.

Kisha nikaja kwenye vifaa. Bomba za futi ishirini zilitajwa mara mbili, nne kisha mbili. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na barua tatu za duka zinanisubiri, na shemeji alikuwa amesimama nyuma ya bega langu akipumua. Nikaona ni urudiaji wake uleule, nikafuta zile mbili. Nikampelekea mwenye duka orodha yangu nadhifu, akatia bei kila mstari, nikajumlisha. Shemeji aliitazama karatasi iliyotaipiwa, akaizungusha, akasema, "Sioni vitu vyangu humu. Lakini wewe ndiye uliyesoma." Akatia sahihi.

Jumapili, baada ya Sabato yao kupita, tulikwenda Migori. Dada alinituma niandamane naye ili asije akaieleza karatasi kwa kidole. Mwalimu alitupokea kwa heshima, akavaa miwani na kusoma kimya, akipitisha kidole chini ya kila neno. Alipofika kwenye kazi isiyo ya fundi aliitikia kwa kichwa akiridhika, akasema vijana wa kanisa watachimba mtaro, afadhali amejua mapema. Kwenye zile siku thelathini aliuliza kwa nini, nikamweleza, akasema sawa. Nilivimba kichwa, nisiwafiche. Nilimtazama shemeji kwa jicho la "umeona?"

Mwalimu alikuwa ameshatoa kalamu mfukoni mkewe, akimwita mwalimu kwa Kiluo, aliposema, "Ngoja kwanza, japuonj. Mimi sijasomewa." Yule mama hakujua kusoma. Ndoo za maji ya nyumbani alizibeba yeye, kwa kichwa chake, tangu aolewe. Akasimama, akatoka nje mpaka chini ya tangi. "Soma sasa. Pole pole."

Mwalimu akawa anasoma huku akimfuata. Koki ya kwanza, chini ya tangi: mama akagusa mahali pake. Bomba kutoka tangini hadi ukuta wa jikoni: akatembea nalo, hatua kwa hatua. Sinki, na koki yake: akasimama jikoni, akakunja mikono kama anayeosha sufuria. Tii, kiungo cha kugawa maji, na bomba la kwenda bafuni: akaenda. Koki ya bafuni: akainua mkono akaifungua hewani. Tukawa tumesongamana mlangoni, tukimtazama mama mtu mzima akioga na nguo zake.

"Endelea," akasema.

"Imekwisha. Sasa ni ufundi."

"Haijakwisha." Akatazama sakafu ya saruji, kisha akanitazama mimi niliyeileta karatasi. "Nimeshaoga. Nimeshaosha vyombo. Haya maji machafu yanakwenda wapi?"

Mtume! Sikuhitaji kumwuliza shemeji. Niliyaona mabomba mawili yaleyale, juu ya basi, kando ya sinki. Bomba zile za. Bomba zile za kutoa maji machafu, pana zaidi, alizotaka kunieleza nikamfokea mbele ya watu. Nyani haoni kundule, jamani.

Mwalimu alirudisha kalamu mfukoni polepole. "Fundi," akasema, "nikimpa kazi mtu anayesahau maji machafu, nyumba yangu itakuwa kinamasi. Kuna fundi mwingine, amesema atakuja kesho."

Nilimtazama shemeji. Nilijua atasema nini, kwa sababu ndicho ambacho mimi ningesema: muulizeni msomi huyu. Ilikuwa haki yake. Akavua kofia.

"Nimesahau mimi, mwalimu," akasema. "Nisamehe. Hayo mabomba nitayaweka bila malipo."

Bila malipo! Faida yake nzima ya kazi ile ingezama katika mabomba yale, na alijua. Na bado kazi yenyewe hakuwa amepewa. Nikawaza nikinyamaza tu, hakuna atakayejua, labda mwalimu atalainika. Niliwaza hivyo, sitajitakasa. Kisha nikamwona anavyoikunja ile kofia mkononi, vilevile dada alivyosema, nikashindwa.

"Si yeye," nikasema. Sauti ilinitoka juu mno. "Aliyaandika. Mimi nimeyafuta. Alitaka kunieleza nikamkatiza."

Mama alitutazama wote wawili, akaanza kucheka, kicheko cha tumboni cha mtu aliyezaa na kulea. "Kumbe ni karani!" Kisha akamgeukia shemeji, hacheki tena. "Na wewe ulikuwa unabeba mzigo wake wa nini?"

"Ni ndugu wa mke wangu, mama," shemeji akajibu, kana kwamba hilo lilimaliza mambo yote.

Mama akamwambia mumewe, "Japuonj, huyu hatatukimbia na kutuachia mtaro wazi. Mpe. Lakini waandike hayo mabomba, na bei yake. Bure sitaki, bure huvuja."

Mwalimu alisema hawezi kutia sahihi kitu kisicho na bei. Bei ya duka niliijua kwa kichwa, niliitaipu kila juma. Tukarudi sebuleni, nikakalia kigoda, nikaiweka karatasi yangu nadhifu juu ya goti. Shemeji akachuchumaa kando yangu, akasubiri kwanza, kama mtu aliyezoea kukatizwa.

"Sema," nikamwambia.

Akaanza. Bomba za kutoa maji, inchi moja na nusu, futi ishirini, mbili. Moja kutoka sinki, moja kutoka bafuni. Bomba la kupinda chini ya sinki, ili harufu isirudi. Zote ziteremke mpaka kwenye shimo la mawe nyuma ya jikoni, na shimo lichimbwe na mwenye nyumba. Aliongea taratibu, akirudi nyuma, akijirekebisha, akitaja tena alichokwisha kutaja. Niliandika kila neno kwa mkono, pembeni mwa taipu yangu safi, na nilimwacha mpaka akamaliza.