Vitenge Vilivyoandikwa Mivumba

Mume wangu hakuwa mwizi. Nalisema mwanzo kabisa, kwa sababu pale Koboko, mji wetu wa mpakani, kuna watu wazuri, waliokula kwangu nami nikala kwao, ambao mpaka leo wanaamini kwamba alikuwa mwizi, na wanamwombea kwa moyo safi. Mtu akikutukana unaweza kumjibu. Akikuombea, utamwambia nini?

Tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini Zaire miaka michache kabla, kama nusu ya mji ule. Tulikuta nyumba imebaki kuta, tukaezeka nyasi, tukafungua duka la nguo lenye mlango mmoja. Yeye ndiye aliyekwenda Kampala kununua, na hakuwa akienda na pesa yetu tu. Wanawake wa Dranya, kijiji cha jirani, wakishauza karanga na tumbaku walimletea pesa zao, kila mmoja akataja kitenge chake: huyu anataka cha bluu, huyu asiletewe chenye ndege kwa sababu jirani yake anacho. Hakuandika. Aliyashika yote kichwani, akirudi anagawa, na sikuona hata mara moja akikosea ndege.

Safari hiyo ya mwisho aliondoka akikohoa. Nilimwambia asubiri, akasema Idi haisubiri kifua cha mtu. Alinunua vitenge vyote, akafunga robota moja kubwa, lakini hakuwa na nguvu ya kusafiri akililinda juu ya lori, siku mbili kwenye vumbi. Kwa hiyo alilikabidhi kwa kampuni moja ya kupeleka mizigo, iliyokuwa na ofisi Kampala na ajenti Arua, akapanda basi mikono mitupu.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo wafanyabiashara wote wa kwetu walilijua na hakuna aliyelisema. Ukipeleka nguo mpya, karani wa mizigo huwezi kumwambia ni nguo mpya. Unasema mivumba, yaani zile nguo kuukuu za mitumba. Nauli ya mivumba ilikuwa ndogo, ndiyo, lakini si hilo tu. Njiani kulikuwa na vizuizi vya askari, na wapakiaji wenye vidole virefu, na neno "vitenge vipya" kwenye karatasi lilikuwa kama kuwapigia watu ngoma waje kula. Aliyemfundisha mume wangu hayo ni mwenye duka la jirani, mtu aliyekwenda Kampala kabla yetu sote. Ndiye pia aliyemfundisha kuzifungia risiti za dukani ndani ya robota lenyewe, ili askari akimpekua mfukoni asione karatasi inayosema kingine. Akili nzuri sana, mpaka siku robota linapopotea na risiti zake tumboni.

Likapotea. Wiki ya kwanza ajenti wa Arua alisema, "Iko njiani." Wiki ya pili, "Lori iliharibika Pakwach, iko nakuja." Baadaye lori lilifika, mizigo ya wenzetu ikashushwa, letu halikuwamo, na ajenti akafungua mikono. "Mimi hapana jua, mama. Kampala nasema ilipakia. Hapa haikushuka."

Idi ikapita. Wanawake wa Dranya walianza kuja dukani, mwanzoni kwa salamu, kisha kwa kukaa bila kusema kitu, na huko kukaa ndiko kulikonichosha. Mume wangu alikuwa anakonda. Hospitali ya Arua walisema ni kifua kikuu wakampa dawa, lakini miaka ile mwanamume akikonda baada ya kuzoea Kampala, watu walikuwa na jina lao la ugonjwa na hawakungoja daktari. Na jina hilo lilikuja na hadithi yake: amekula pesa zetu huko na wanawake wa mjini. Wanasema lisemwalo lipo. Mimi methali hiyo naichukia, nadhani ilitungwa na msengenyaji.

Akasema, "Tuandike barua. Si kwa ajili ya pesa. Nataka kampuni iandike kwa mkono wake kwamba nilileta vitenge na wao ndio walipoteza. Sheikh akiuliza siku yangu nani ananidai, nataka karatasi hiyo iwepo."

Nilimwambia aache maneno ya kufa. Lakini nilijua anachosema. Kwetu, kabla jeneza halijanyanyuliwa, huulizwa mbele ya watu wote kama marehemu ana deni. Yeye alikuwa anaiogopa dakika hiyo kuliko kaburi.

Tukashuka Arua kwa pikapu, yeye ameegemea magunia, mimi nimemshika kiuno kama mtoto. Karani wa kupiga chapa alikaa barazani karibu na posta, mzee wa Pajulu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliisoma risiti ya mzigo mbele na nyuma, tena nyuma aliisoma polepole.

"Karatasi inasema mivumba, robota moja," akasema. "Wewe unasema vitenge. Sasa, bwana, ulidanganya siku ile ama unadanganya leo?"

"Siku ile," mume wangu akajibu. "Kila mutu nafanya hivyo."

"Najua. Lakini kila mutu hayuko kwa hii risiti. Iko jina yako tu." Akaigeuza. "Na hapa nyuma wanasema, mzigo ukipotea watalipa kufuata ile kitu uliandikisha, na kilo zake. Ukidai mivumba, utalipwa haraka. Ukidai vitenge, watakataa."

Nilimtazama mume wangu. Mimi, kusema kweli, ningedai mivumba. Unga ulikuwa umebaki wa siku mbili. Yeye akasema, "Andika vitenge."

Barua ikaandikwa kwa Kiingereza, na mzee akatusomea kwa Kiswahili kila alipomaliza sehemu. Nambari ya risiti. Siku mzigo ulipopokelewa Kampala, uzito wake, na kwamba haukufika Arua mpaka leo. Vitenge vilivyokuwamo, aina kwa aina, mume wangu akivitaja huku amefumba macho, na bei ya kila kimoja. Sababu iliyomfanya aandikishe mivumba. Mwisho: tunadai fidia yote katika siku kumi na nne, tusipojibiwa tutakwenda mahakamani. Nilitaka aongeze kwamba mwenye mzigo ni mgonjwa na watu wanamsema vibaya. Mzee akatikisa kichwa. "Barua ya madai haina kulia, mama. Ukilia wanajua huna wakili." Tukapeleka kwa ajenti, naye akagonga muhuri kwenye nakala yetu kuonyesha ameipokea. Nakala hiyo mume wangu aliiweka chini ya mto wake.

Jibu lilikuja kupitia kwa ajenti, muda wenyewe ukiwa umeshapita. Nililipokea mimi, nikampa mzee wa barazani anisomee, naye alipomaliza akavua miwani. Kampuni ilikuwa inasikitika. Ilikiri kupoteza robota moja la mivumba. Ilikuwa tayari kulipa thamani ya mivumba, kwa kilo, na mwenye mzigo atie sahihi kwamba hana dai lingine. Kuhusu vitenge, haikuwa na rekodi yoyote, na kama tunayo risiti ya manunuzi tuilete.

Dua la kuku. Lakini kilichoniuma hasa nilikielewa ndani ya pikapu, tulipokuwa tunakaribia Koboko. Karatasi aliyoitaka mume wangu ilikuwa imekuja, imegongwa muhuri, na ilikuwa inasema kwamba alichukua pesa za watu za vitenge akawanunulia nguo kuukuu. Nikiionyesha, nimemmaliza. Nisipoionyesha, sina kitu.

Nyumbani nilimweleza mume wangu, akasikiliza mpaka mwisho. "Sitii sahihi," akasema. "Nikila pesa ya mivumba, nimekubali nilinunua mivumba."

Nikaenda kwa mwenye duka la jirani. Nilimkuta anapima kitambaa. Nikamwambia, wewe ndiye uliyemfundisha, waite wale akina mama uwaeleze tu kwamba ndivyo nyote mnavyofanya.

Hakunitazama. "Shemeji, mimi iko na mizigo mbili njiani sasa. Nikisema hiyo maneno hapa, kesho ajenti anasikia. Atafungua yote. Wote tutalipa nauli mpya, na askari atajua." Akakata kitambaa. "Yeye mwenyewe anaelewa. Muambie namusalimia."

Nilimpa salamu. Mume wangu akacheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi, akasema jamaa yuko sawa, hata yeye angefanya hivyo. Sikukubali. Hata leo sikubali.

Alikufa asubuhi, mvua za kwanza zikinyesha. Barua ya kampuni ilikuwa kwenye sanduku langu. Ua ulijaa watu, wanawake wa Dranya nao walikuja, wengine na unga na kuni, wakaosha vyombo vyangu bila kuambiwa. Jeneza likawekwa uani. Sisi wanawake tulikuwa barazani, kila neno tukilisikia. Sheikh akauliza kama kuna mtu anayemdai marehemu.

Nilimtafuta kwa macho yule jirani. Alikuwa mstari wa mbele, kichwa chini, machozi yakimtoka, na yalikuwa machozi ya kweli. Nikamngoja. Nilimngoja kwa moyo wangu wote.

Aliyesema ni mwanamke mmoja wa Dranya aliyekaa pembeni yangu, yule asiyetaka kitenge chenye ndege. Alisimama, akajifunga leso vizuri kiunoni.

"Sisi akina mama tumeongea," akasema. "Ile maneno ya pesa yetu, tumemsamehe yote. Mungu pia amsamehe."

Wenzake wakaitikia pamoja, "Tumemsamehe." Wanaume wakaitikia amina. Sheikh akawashukuru, akasema huo ndio Uislamu na huo ndio ubinadamu. Nilifungua mdomo niseme hakuna cha kusamehe, kwamba walipotezewa kama sisi tulivyopotezewa, lakini jeneza lilikuwa limeshanyanyuliwa, na yule mama alikuwa amenikumbatia, ananifuta uso kwa leso yake mwenyewe.

Mwezi uliofuata mwenyekiti wa kijiji aliniandikia barua kwamba mimi ndiye mjane, nikaenda Arua nikatia sahihi mahali pale alipokataa kutia yeye. Robota moja la mivumba, nimelipwa, sina dai lingine. Niligawa pesa hizo kwa wanawake wa Dranya, kidogo kidogo, kila mmoja sehemu yake. Habari za malipo ya mivumba zilikuwa zimeshanitangulia kutoka Arua. Walipokea kwa mikono miwili. Yule wa ndege alizihesabu, akazifunga kwenye pindo la leso, akaniambia kwa upole, "Unaona? Sisi tulijua tu ilikuwa mivumba. Lakini hapana jali, mama. Tulishamsamehe."

Nikamwambia asante.