Finjani Isiyotikiswa

Mama alikatazwa kahawa. Daktari wa Kihindi aliusikiliza moyo wake, akakunja uso, akasema kahawa nzito itamuua. Nilikuwepo, nikasikia kwa masikio yangu. Tangu siku ile nikawa namchunga mama kama yai.

Basi dada yangu akaolewa na Mwarabu mwenye duka kule Uhindini. Siku ya saba tukaitwa kumwona. Tulitoka Kariakoo baada ya alasiri, tukakata viwanja vya Mnazi Mmoja polepole, mama akisimama kila mara kuvuta pumzi. Njiani akaniambia, "Ole wako utaje ugonjwa wangu. Watasema wameoa kwenye nyumba ya wagonjwa, atakayesimangwa ni dada yako."

Mimi na domo langu hili nikasema, "Haya, mama."

Aliyetupokea ni bibi kizee, nyanya yake bwana arusi. Alikuwa ametoka Maskati juzijuzi, Kiswahili hajui hata cha kufukuzia paka. Dada alitubusu mikono, akarudishwa jikoni. Tukakaa mkekani, tukala tende na halua, kisha bibi akashika dele la kahawa kwa mkono wa kushoto na finjani kwa wa kulia. Alimimina kidogo tu, funda moja, nyeusi, inanuka iliki.

Moja haiui, nilijiambia. Mama akanywa, akarudisha finjani, akasema asante. Bibi akamimina tena. Mama akanywa, akasema shukrani, Kiarabu chote alichokuwa nacho. Bibi akafurahi kweli! Akamimina ya tatu.

"Basi, bibi, nimetosheka," mama alisema.

"Wallahi!" bibi akaapa, na finjani hii hapa, mkononi mwa mama.

Mtu ameshaapa kwa Mungu, utamkatalia vipi? Mama akanywa. Mshipa wa shingo yake ukaanza kurukaruka. Niliuona. Nikakumbuka majirani zetu Mabaniani pale Kariakoo: kwao aliyeshiba hufunika sahani kwa kiganja. Nikafunika finjani ya mama. Bibi akacheka, akanipiga kofi dogo la mapenzi, akautoa mkono wangu na kumimina. Alidhani naona haya! Mama akainywa ya nne.

Ya tano mama hakuiweza. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Aliiweka chini mkekani bila kuionja.

Bibi aliacha kucheka. Aliweka dele chini, akarudi nyuma, mikono juu ya magoti, akasema maneno machache kwa upole, halafu akapaza sauti kumwita dada. Dada alikuja mbio, akamsikiliza, akatugeukia.

"Mama, anauliza una haja gani. Kwao mgeni akiiweka kahawa chini bila kuinywa, ana ombi au ana kinyongo, hanywi mpaka asikilizwe. Anasema sema usiogope. Hata kama umekuja kunichukua."

Mama alifungua kinywa, sauti haikutoka. Alinishika kanga, akanikazia macho ninyamaze. Nitanyamaza vipi nami naona anakufa?

"Moyo!" nikapiga kelele. "Moyo wake mgonjwa, hiyo kahawa inamuua!"

Dada akatafsiri huku analia. Bibi alijipiga kifuani, akaichukua ile finjani akainywa mwenyewe. Kisha akamshika mama mkono, akamtia finjani tupu vidoleni, akautikisa mkono ule kushoto, kulia, kushoto. Hivyo tu. Ukiitikisa umetosheka, na hata aliyeapa hakumiminii tena. Usipoitikisa, kwao unaomba nyingine.

"Hii ya kutikisa niliijua tangu siku ya pili ya ndoa," dada alisema.

"Ukatuacha?"

"Nilikuwa jikoni. Sikuambiwa niingie."

Nilimtukana dada yangu njia nzima ya kurudi, ingawa hakuwepo kunisikia. Yule bibi nilimlaani pia. Mtu gani hasikii neno basi? Mtu gani anamshindilia mgeni mpaka roho inataka kumtoka? Mama alikuwa kanishika bega, na mimi nilikuwa nahesabu pumzi zake.

Mama aliishi mpaka masika yaliyofuata. Siku za mwisho sauti ilikuwa imekwisha, na hakutaka kula. Mimi nikapika uji mwepesi, nikamwekea katika kikombe kidogo, nikamwinua kichwa. "Mama, kidogo tu. Wallahi utakunywa." Akanywa funda moja. Nikamimina, akanywa nusu, nyingine ikamtiririka kidevuni. Niliogopa kuliko siku ile ya mkekani. Akakichukua kikombe mkononi mwangu kwa nguvu zilizobaki, akakitikisa. Kushoto, kulia, kushoto.

Nilijua maana yake. Nikamimina tena.