Bango la Mama Mdogo Theopista

“Mama mdogo, mbona umefuta maneno yote ya daktari?” nilimuuliza nikiwa darasa la tatu.

Yeye ni mhudumu wa afya hapa Usevya. Masika yalikaribia, na kipindupindu kilitutisha. Hotuba ndefu ya daktari iliyoandikwa bangoni aliigeuza kuwa picha moja ukutani mwa zahanati: ng'ombe mtoni, mtoto akinywa palepale, X nyekundu juu yao.

Mzee Manyanda, mfugaji, akaionyesha ile X kwa kidole, akacheka. “Hiyo chapa ya ng'ombe wa nani?”

Mama mdogo akachora upya: anayekunywa maji ya mto anaharisha, anayechemsha anacheka. Chini: “Chemsha maji.”

Juzi, nikiwa kidato cha tatu, tulimkuta Manyanda akiwahubiria wajukuu zake kuchemsha maji, mbele ya picha ile.

Mama mdogo akanikonyeza. “Sikuyafuta maneno ya daktari, mwanangu. Si hayo unayasikia?”