Herufi Nne za Pete ya Mume Wangu

Tulifunga ndoa kwa pete za kuazima. Zilikuwa za kaka yake na mkewe, na picha ya mwisho ilipomalizika kupigwa wenyewe walizidai pale pale nje ya kanisa, wakarudi nazo kwao Makongeni. Sikukasirika. Siku hizo tulikuwa na njaa ya mambo makubwa kuliko pete. Lakini kila nilipoulizwa yangu iko wapi nilisema naiogopea maji ya kufulia, na uongo huo nikauishi miaka kumi na mitano.

Mwaka wa kumi na tano mume wangu akasema twende Thika kwa sonara. Alikuwa fundi wa kujenga kwa mawe, mtu wa vidole vinene kama ndizi za kuchoma na maneno ya kuhesabika. Mimi ndiye niliyepewa maneno ya nyumba nzima. Sonara akatupima kwa kitita cha vipete vya bati vilivyoshikizwa kwenye waya, akachagua fedha kwa sababu ni laini, inachongeka vizuri, akasema atazifua mwenyewe.

"Na ndani tuandike nini?" akauliza.

Nilikuwa nimejiandaa. Nikamsomea kutoka kwenye simu: shukrani kwa Mungu, majina ya watoto, tarehe, na ahadi mbili tatu. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Mama, hiyo ni ya kuandika kwa ukuta," akasema. "Ndani ya pete ya mzee naweza kuweka herufi ishirini na kitu. Na nafasi katikati ya maneno inahesabika pia, inakula kama herufi. Yako ni ndogo zaidi, itabidi nizibane."

"Si upunguze ukubwa wa herufi?"

"Nikipunguza sana, baada ya miaka michache zitakuwa zimeliwa na jasho na sabuni. Hutasoma kitu."

Tukaketi kwenye benchi lake kuyapunguza. Kwanza ikatoka tarehe, kwa kuwa naijua bila kuandikiwa. Majina ya watoto yakatoka, maana ukiandika la mmoja lazima uandike yote. Mungu naye nikamwomba radhi. Mume wangu akapendekeza neno moja tu, "Asante", nikamwambia hilo ni la kuandika kwenye risiti. Akacheka mpaka sonara akacheka. Ndipo nikakumbuka alivyozoea kusema kila tukigombana: "Haya, tutapigana hivi mpaka uzee." Tukaandika kwa kalamu kwenye karatasi, sonara akahesabu kwa ncha ya koleo: TUKO PAMOJA MPAKA UZEE. Zikatosha pete zote mbili, mduara mzima.

"Mimi hupenda kuacha nafasi hapa nyuma," akasema. "Pete hukatwa siku moja. Watu hunenepa, wengine hupungua. Nikiacha pengo, nakata hapo bila kugusa maneno."

Sikutaka pengo. Nilitaka maneno yazunguke yote, mwisho uguse mwanzo. Tena nikamwonyesha vidole vya mume wangu, nikamwambia hivi vikibadilika ni kwa kunenepa tu. Alitikisa kichwa. Tuliporudi kuzichukua alikuwa amekwisha kuzifua, akaibana ya mume wangu kwenye mashine mbele yetu. Akapanga vibao vya shaba vyenye herufi. Mkono mmoja wa mashine ukafuata mifereji ya herufi hizo, na mkono wa pili, wenye ncha ya almasi, ukachora zile zile kwa udogo ndani ya pete. Alirudia kila herufi ili iingie ndani. Siku hiyo tulikula nyama choma Thika, tukarudi Ruiru tukiangalia mikono yetu kama watoto waliovaa saa mpya.

Ugonjwa wa mume wangu ulianzia kwenye ugali. Alisema unamkwama. Baadaye ukamkwama wali, kisha uji, na daktari akatuambia ni saratani ya umio. Nyumbani hatukulitamka neno hilo. Nilisema "hicho kidonda chako", naye akaniacha niseme hivyo. Nilimwekea mashati yake ya kazi yamepigwa pasi. Nilimwambia nguvu zikirudi tutamalizia jiko la nje.

Pete ilimtoka akinawa, ikalia kwenye karai. Tulipoitafuta mimi na yeye katika yale maji ya sabuni, niliona aibu kama mtu aliyeshikwa akidanganya.

Tukarudi Thika. Sonara alimtambua kwa sauti, si kwa uso, nami nikajifanya sikuona alivyoshtuka. Akampima upya na vile vipete, akishuka kimoja kimoja, mpaka kidole kikakaa.

"Imeshuka saizi nyingi," akasema. "Shanga ndogo za kulehemu ndani hazitatosha. Uzi pia naweza kuuzungusha, lakini utalowa kila akinawa, utamchubua. Ya kukaa vizuri ni kukata kipande kama upana wa ukucha, niunge. Sasa hapa ndani hakuna pengo. Kipande hicho ni herufi nne."

"Si usugue yote uandike upya?"

"Nikisugua itabaki nyembamba kama karatasi, mama."

Nikachukua pete, nikaigeuza. Jibu lilikuwa wazi na nikalifurahia. "Kata TUKO," nikasema. "Itabaki PAMOJA MPAKA UZEE. Haijaharibika kitu."

Sonara akatoa msumeno wake, ule wa uzi wa chuma, akatafuta neno TUKO kwa lenzi.

"Kata UZEE," mume wangu akasema.

Nikamwambia haileti maana, itabaki TUKO PAMOJA MPAKA, itaishia hewani. Nikaeleza na kueleza. Nilimwambia daktari mwenyewe hajakata tamaa, nilimtajia mtu wa Githurai aliyepona kabisa. Alingoja nimalize, kama alivyoningoja miaka yote.

"Mama, mimi sitazeeka," akasema. "Wewe unajua. Yako ibaki hivyo hivyo. Hii yangu usiifanye inidanganye."

Nililia mbele ya sonara na mteja mmoja aliyekuja kutoboa masikio. Mume wangu hakuninyamazisha. Sonara alinisubiri niitikie, na nilipoitikia akakata mara mbili, kipande kikaanguka kwenye ngozi iliyotandikwa chini ya meza. Akazikutanisha ncha, akalehemu kwa moto mpaka fedha ikawa nyeusi, akaitia kwenye asidi, akaigongagonga kwenye fimbo ya chuma irudi duara, akapiga tupa na kuing'arisha. Akaniuliza kama nataka kile kipande, maana fedha ni yetu. Nilikiacha pale pale.

Ilimtosha kwa muda. Kisha ikaanza kulegea tena, na mara hii hatukwenda popote. Mchana mmoja ilitoka, nikaipapasa kwenye blanketi mpaka nikaipata. Alikuwa macho, sauti imebaki kidogo sana.

"Nisomee," akasema.

Nikaisogeza dirishani. "Tuko pamoja mpaka uzee," nikasoma, kwa mazoea, au kwa ukaidi, sijui.

Akatikisa kichwa kwenye mto. "Soma kilichoandikwa."

Niliigeuza pete polepole kwenye mwanga. Nikasoma kilichoandikwa.