Mlango wa Oveni ya Mama Mkwe

Keki ya kwanza ilitoka imeiva kwa nyuma, mbele kuelekea mlangoni ikiwa uji chini ya ganda la kahawia. Nilitaka ardhi inimeze. Nilikuwa nimeolewa juzi tu, na wifi yangu angefunga ndoa kesho yake. Mama mkwe alikuwa ameshawatangazia akina mama wote wa kanisa kwamba keki ataoka mke wa mwanawe, kwa mikono yake.

Tulikuwa jikoni kwake Migosi. Oveni ya umeme aliinunua kwa watu waliohama Milimani, na aliionea fahari. Kumbe raba ya mlango ilikuwa imekauka na kupasuka. Nilipoweka kiganja penye pembe ya juu, joto lilinipiga kama pumzi ya mtu. Taa nyekundu, ambayo kwa mama yangu huzimika oveni ikishapata moto wa kutosha, hapa iliwaka bila kupumzika. Muda niliofundishwa nyumbani haukuwa na maana tena.

Unga na mayai vilibaki vya keki moja. Nikakoroga, nikaingiza. Mara kioo cha mlango kikashika ukungu. Nilifuta, wapi! Mvuke ulikuwa umepenya katikati ya vioo viwili. Sikuona kitu. Kufungua nichungulie, keki ingezama. Kuacha, ingebaki mbichi tena.

Mama mkwe akaingia. Mwanamke huyo nilimwogopa kuliko mwalimu wangu wa hesabu. Aliitazama ile taa, akapitisha mkono pembeni mwa mlango, kisha akachukua unga wa ugali, akaukanda na maji, akaanza kuziba ufa wa mlango pande zote.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Wale wanaopika pombe ya chang'aa wanaziba chungu hivi, mvuke usitoroke. Usiniulize nimejua wapi, nyathina, mwanangu."

Kiongozi wa akina mama kanisani! Wakati mwingine ningecheka hadi nilie. Siku hiyo nilikodolea macho taa tu. Donge likakauka, likashika. Taa ikazimika. Ikawaka, ikazimika tena. Joto sasa lilikuwa linakaa ndani, lakini ni lini keki ingeiva hakuna aliyejua, na donge tukishalibomoa lisingerudi. Tukakaa kungoja, mimi juu ya jerikeni la maji, yeye kwenye kigoda.

Hatimaye harufu ikatufikia, ya sukari inayoungua kidogo. Alibomoa donge kwa kisu, akafungua. Keki ilikuwa imeinuka, kahawia juu. Lakini keki ya kwanza nayo ilikuwa kahawia juu.

Akachomoa ukutani spoku ya baiskeli, ile ya kupimia kama keki imeiva ndani. Nikangoja aichome. Akanigeukia, akaninyooshea spoku.

"Choma wewe," akasema. "Mimi naogopa."

Nilichoma. Ikatoka kavu.